Mkunjo Usipite kwa Bibi Harusi

Albamu ya harusi ikifika Kabungu, haifunguliwi kuanzia ukurasa wa kwanza. Wazee huifungua katikati, wanatafuta picha ya ukoo: ile ambayo watu 30 au 40 wamepangwa chini ya mwembe, watoto wameketi mkekani mbele, wazee wamekaa kwenye viti, vijana wamesimama nyuma, na maharusi wako katikati kabisa. Keki na pete vitatazamwa baadaye. Kwanza kila mtu anajitafuta, kisha anamtafuta aliyekuja kutoka mbali. Na picha hiyohiyo ndiyo inayoharibika kuliko zote mezani kwa mpangaji, kwa sababu wale wawili waliowekwa katikati ya watu ndio wanaoangukia katikati ya albamu, pale karatasi inapokunjwa.

Napiga picha za harusi na kupanga albamu huku Kabungu, wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi. Msimu wetu unaanza mvua zikiisha, mahindi yakishavunwa na fedha ya tumbaku ikianza kuonekana mikononi. Kuchapisha hatuchapishi hapa. Faili linakwenda Mpanda mjini, na kwa kazi kubwa linakwenda mbali zaidi, kisha albamu inarudi kama kifurushi kwenye basi. Ndiyo maana kosa la mpangilio huku lina bei: ukigundua kwamba mkunjo umempitia mtu usoni, tayari albamu imegundishwa, imefungwa jalada, imesafiri, na baba wa bwana harusi ameishika.

Waliofunga ndoa zamani walikuwa na albamu za mifuko ya plastiki, za picha za postikadi, inchi 4 kwa 6. Zile hazikuwa na tatizo la mkunjo, lakini zilikuwa na lao. Mifuko ilikuwa imelala, kwa hiyo picha ya kusimama iliingizwa ubavu, na mgeni sebuleni alilazimika kuigeuza albamu nzima ili amwone bibi harusi wima. Albamu za sasa zinatuwezesha kuweka picha ya kusimama na ya kulala kwenye kurasa zilezile bila mtu kugeuza chochote. Kwa malipo ya raha hiyo, mpangaji anatakiwa kujua hesabu kidogo.

Hesabu yenyewe inaanza kwenye kamera. Kamera nyingi tunazotumia hutoa picha ya uwiano wa 3 kwa 2, urithi wa filamu ya zamani ambayo fremu yake ilikuwa milimita 36 kwa 24. Picha ya kulala ina upana wa mara moja na nusu ya kimo chake. Picha ya kusimama ina upana wa theluthi mbili za kimo chake. Ukishika hayo mawili, unaweza kupanga albamu hata kwa penseli na rula.

Saizi ninayoitumia zaidi ni ya inchi 12 kwa 36. Hiyo 36 ni albamu ikiwa wazi: kila shiti linachapwa kama karatasi moja ndefu ya picha, linakunjwa katikati, kisha mashiti yanagundishwa mgongo kwa mgongo. Kila ukurasa basi una upana wa inchi 18 na kimo cha 12, yaani uwiano uleule wa 3 kwa 2. Picha ya kulala inajaza ukurasa mmoja bila kukatwa hata kidogo. Picha ya kusimama yenye kimo kamili cha inchi 12 inachukua upana wa inchi 8.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mpangaji ana picha ya ukoo na picha mbili za kusimama, tuseme wazazi wa bwana harusi na wazazi wa bibi harusi. Akili inamwambia aweke ukoo katikati na wazazi pembeni, huku na huku. Anajumlisha: 8, na 18, na 8, inakuwa 34. Zinabaki inchi 2 za kugawanya kwenye mianya na pembezoni. Kwenye skrini inapendeza mno, imekaa kwa ulinganifu kama mlango wa kanisa. Ila mkunjo uko kwenye inchi ya 18, na katikati ya picha ya ukoo pia iko kwenye inchi ya 18. Skrini haina mkunjo. Karatasi inao, nao unapita kati ya bwana na bibi harusi kama waliotengana, au unapita kwenye pua ya mmoja wao ikiwa walisogea kidogo wakati wa kupiga.

Watu hunijibu kwamba albamu za siku hizi hulala wazi, tambarare, hivyo mkunjo hauna neno. Ni kweli zinalala, na hazimezi picha kama kitabu kilichobandikwa gundi mgongoni, ambacho kinaweza kula nusu inchi ya kila upande. Lakini kulala tambarare si kutokuwapo. Ule mstari umeshabonyezwa na mashine, na uso wa karatasi umevunjika pale. Taa ya chumba inauonyesha kama uzi unaong'aa. Albamu ikizungushwa mikononi miaka michache kwenye nyumba yenye vumbi jekundu la huku, uzi huo unashika uchafu na unaanza kupasuka. Tena shiti halikunjwi mahali palepale kila mara. Likipunguzwa kingo baada ya kuchapwa, mkunjo unaweza kuhama milimita 1 au 2 kutoka pale ulipouchora.

Kuhama huko kunazaa makosa ya aina mbili. Ya kwanza ni uso kukatwa. Ya pili inawapata wale wanaodhani wameukwepa mkunjo: wanamaliza picha moja na kuanza nyingine palepale kwenye inchi ya 18, au wanaweka mwanya mwembamba wa robo inchi juu ya mkunjo wenyewe. Mkunjo ukihama, utepe wa picha ya kulia unajitokeza kwenye ukurasa wa kushoto, au mwanya mweupe unakuwa mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Jicho linaliona hilo hata kama mwenye jicho hawezi kusema kasoro ni nini. Atasema tu albamu "imepinda". Kwa hiyo kwangu ni moja kati ya mawili: ama picha inavuka mkunjo kwa kiasi cha kutosha, ama inakaa mbali nao. Kusimama juu ya mstari sikubali.

Kuvuka nako kuna masharti. Picha ya njia ya kwenda kanisani yenye miti na anga inaweza kuvuka, mkunjo ukatua kwenye mti. Picha ya meza kuu pia, ikiwa kati ya viti viwili pana nafasi. Picha ya ukoo haivuki, na sababu ni namna tunavyowapanga watu. Ukiwapanga vizuri, walio nyuma wanasimama kwenye nafasi za mabega ya walio mbele ili nyuso zao zionekane. Sasa tafuta mahali pa kupitisha mkunjo: ukiupitisha kati ya mabega mawili ya mstari wa mbele, juu yake kuna uso wa mtu wa mstari wa pili. Ukimkwepa huyo, unampata aliye chini yake. Kadiri ulivyowapanga kwa ustadi, ndivyo nafasi ya mkunjo inavyokosekana. Hata kuisogeza picha ili maharusi wakae inchi 2 kando ya mkunjo hakusaidii. Unawaokoa wao na kumkata mjomba. Na mjomba ndiye huenda alitoa ng'ombe.

Nieleze jinsi nilivyopanga shiti moja la namna hiyo, kwa sababu hesabu yake inafaa kwa harusi nyingi. Nilikuwa na picha ya ukoo, ya kulala, na mbili za kusimama: moja ya baba na mama wa bwana harusi wamesimama mlangoni, nyingine ya bibi harusi na shangazi yake aliyemvalisha. Nilianza na uamuzi kwamba ukoo unakaa peke yake kwenye ukurasa wa kulia. Kisha nikatafuta kimo kimoja ambacho picha zote tatu zitakuwa nacho, ili kingo za juu na za chini zinyooke kutoka mwanzo wa shiti hadi mwisho. Kimo kilipaswa kuacha nafasi ya maelezo chini, hivyo inchi 12 kamili haikufaa. Nilichagua 9.6, kwa sababu inagawanyika vizuri: picha ya kulala inakuwa na upana wa 14.4, na kila ya kusimama inakuwa 6.4.

Ukurasa wa kulia una inchi 18. Nikitoa 14.4 inabaki 3.6, na hizo sikuzigawa sawa. Niliacha 1.2 upande wa mkunjo na 2.4 upande wa nje. Wachapaji wa vitabu wanaijua siri hii tangu zamani: pembezo ya ndani inakutana na ya ukurasa wa pili, kwa hiyo msomaji anaziona kama nafasi moja. Ukiacha inchi 2.4 kila upande wa mkunjo, katikati ya albamu patakuwa na uwanja wa karibu inchi 5 na picha zitaonekana zinakimbiana. Kwa 1.2 na 1.2 katikati panakuwa na 2.4, sawasawa na ile ya nje kulia. Na mkunjo ukihama milimita 2 ndani ya nafasi ya inchi 2.4, hakuna atakayejua.

Kushoto, ile picha ya pili ya kusimama ilianza inchi 1.2 kutoka kwenye mkunjo. Ikafuata mwanya wa 0.3, kisha picha ya wazazi. Nje kabisa zikabaki inchi 3.7. Mwanya wa 0.3 niliuchagua makusudi uwe mdogo kuliko nafasi ya katikati, kwa sababu mianya ndiyo inayomwambia mtazamaji picha zipi ni jamaa. Zilizokaribiana anazisoma pamoja, zilizoachana anazitenganisha. Mwanya ukishachaguliwa haubadiliki albamu nzima. Mpangaji anayeweka 0.2 hapa na 0.5 pale kwa kukadiria kwa macho anaacha kitu kama meno yaliyoachana ovyo. Kwenye Photoshop nafungua faili la inchi 36 kwa 12, Resolution 300, nabonyeza Ctrl+R ili rula zionekane, kisha navuta mistari ya mwongozo: mmoja kwenye 18, halafu 1.2 kila upande wake, halafu ya juu na ya chini. Mistari ndiyo inaingia kwanza. Picha zinafuata.

Shangazi wa bibi harusi alipoona shiti lile kwenye kompyuta hakufurahi. "Mwanangu, mbona umeacha karatasi nyeupe? Tunalipia nyeupe sisi?"

"Shangazi, pale pameachwa kwa majina," nilimjibu. "Wewe na wazazi wa bwana harusi mtaandikwa pale."

"Ah. Basi niandike na jina la ubatizo."

Malalamiko hayo nayasikia karibu kila msimu, na nayaelewa. Mtu aliyelipa albamu kwa fedha za magunia ya mahindi anahesabu picha, haoni faida ya pembezo. Dawa yangu ni kuipa nafasi ile nyeupe kazi inayoonekana. Ikishabeba majina, haitwi tena karatasi tupu.

Kimo kimoja na mianya sawa havitoshi, kwa sababu picha mbili zinaweza kulingana kingo na bado zikagombana. Kinachogombanisha ni ukubwa wa vichwa. Kwenye picha ya ukoo yenye upana wa 14.4, ikiwa mstari wa nyuma una watu 18, kila mmoja ana upana wa inchi 0.8, na uso wake ni kama theluthi moja ya inchi. Ukiweka kando yake picha ya kusimama ya uso wa bibi harusi pekee, uso huo utakuwa na inchi 4 au zaidi. Wazee wanageuka sisimizi pembeni ya jitu. Picha ya kusimama inayokaa na picha ya ukoo iwe ya mwili mzima, kichwa kisizidi inchi moja hivi. Picha ya uso nayo ina mahali pake: kando ya picha ya kulala ya vitu, kama mikono yenye hina, pete, au meza ya zawadi, ambapo hakuna vichwa vya kushindana nayo.

Halafu angalia wanatazama wapi. Aliye ukurasa wa kushoto atazame kulia, kuelekea mkunjoni, ili jicho la mtazamaji livuke pamoja naye. Akitazama nje, anakutoa kwenye albamu. Kuna kishawishi cha kumgeuza kwa kompyuta, kama kioo, na wapo wanaofanya hivyo. Huku haipiti. Pete inahamia mkono wa kulia, maandishi ya kanga yanasomeka kinyumenyume, na mama aliyeivaa kanga ile kwa sababu ya maandishi yake ndiye wa kwanza kugundua. Badala ya kuigeuza picha, naihamishia ukurasa wa pili, au natafuta nyingine. Ndiyo maana siku ya harusi nampiga mtu mara mbili, akitazama huku na akitazama kule.

Sasa maelezo ya picha. Wapangaji wengi huyaacha mpaka mwisho, kisha huyabandika palipobaki, mara nyingi juu ya picha yenyewe. Maandishi meupe juu ya vitenge hayasomeki, kwa sababu kitenge kina rangi 5 na kila herufi inaangukia rangi tofauti. Wengine huweka kivuli nyuma ya herufi ili zionekane, na kivuli kinamfunika mtoto aliyeketi mbele. Mimi maelezo nayatoa nje ya picha, na nayaweka karibu na picha inayohusika kuliko picha nyingine yoyote. Kwenye shiti lile picha ya ukoo ilianza inchi 0.7 kutoka juu, ikaisha kwenye 10.3. Zikabaki 1.7 chini. Maelezo yalianza 0.2 chini ya picha, mistari 3 ya herufi za pointi 10, yakichukua kama inchi 0.6. Chini yake ikabaki karibu inchi moja, mbali vya kutosha na kisu cha mchapaji. Mstari wa kwanza wa maandishi ulianza sawa na ukingo wa kushoto wa picha. Sikuyaweka katikati, kwa sababu mistari ya majina yenye urefu tofauti ikiwekwa katikati inakuwa na ncha mbili zilizochongoka na jicho halijui pa kuanzia.

Picha mbili za kushoto zilipata maelezo yao kwenye zile inchi 3.7 za nje. Nikitoa 0.75 ya usalama ukingoni na 0.3 ya mwanya, safu ilikuwa na upana wa inchi 2.65, maneno machache kwa kila mstari, yakikaa usawa wa chini wa picha. Kwa kuwa picha ni mbili na maelezo ni mahali pamoja, lazima kusemwe ipi ni ipi: "Kushoto" na "Kulia", kisha majina. Kushoto ni kwa mtazamaji, si kwa aliyepigwa. Na maelezo hayavuki mkunjo kamwe, hata neno moja. Picha ikikatwa na mkunjo bado ni picha. Jina likikatwa linakuwa la mtu mwingine.

Kwenye ukoo wa watu 40 huwezi kuandika wote kwenye mistari 3, na hapo ndipo kazi inaacha kuwa ya rula. Huku Katavi harusi moja inaweza kuwa na Wabende, Wafipa, Wasukuma na Waha, na kila upande una mpangilio wake wa nani atajwe kwanza. Mimi sichagui. Nachapa picha ile kwenye karatasi ya kawaida, naipeleka kwa mzee aliyeteuliwa na familia, mara nyingi mshenga kwa kuwa anawajua wa pande zote mbili, naye ananiandikia kwa mkono. Kwa kawaida tunaishia kwenye waliokaa vitini pekee, kutoka kushoto, na waliosimama wanatajwa kwa jumla: wajukuu, shemeji na majirani. Tahajia za majina naziacha kama alivyoandika yeye, hata pale ninapodhani najua zaidi. Kisha anasaini. Saini ile imeniepusha na mengi.

Zipo siku ambazo picha ya kulala si ya ukoo, ni ya watu 3 au 4 tu, na haihitaji ukurasa mzima. Hapo jozi nzima, ya kulala na ya kusimama, inakaa ukurasa mmoja. Kimo ninachokipenda ni 7.2: ya kulala inakuwa 10.8, ya kusimama 4.8, na mwanya uleule wa 0.3, jumla 15.9. Inabaki zaidi kidogo ya inchi 2 kwa ndani na nje. Juu naacha 1.8, chini 3, maelezo yanakaa chini ya ile ya kusimama. Ipi iwe karibu na mkunjo? Ya kusimama, mara nyingi. Ni nyembamba, inakaa kama nguzo karibu na mgongo wa albamu, na ile pana inapata hewa kuelekea nje. Lakini kama ukurasa wa pili una nguzo nyingine palepale, zitabanana, na moja lazima ihame.

Picha za simu zinavunja hesabu hii yote. Simu nyingi hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, hivyo picha ya kusimama ya simu yenye kimo cha 9.6 ina upana wa 7.2, si 6.4, na safu nzima inasogea. Ama nipunguze pande zake mpaka ifikie uwiano wa kamera, ama nipange upya. Tatizo kubwa zaidi ni WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa, mara nyingi inafika ikiwa na pikseli kama 1600 tu upande mrefu. Ukigawanya kwa 300 unapata inchi 5.3. Ukiwa mvumilivu na kushuka hadi 200 kwa inchi, unapata 8. Kuivuta hadi 9.6 ni kumpaka ukungu usoni yule bibi ambaye picha yake ni hiyo moja. Naomba itumwe kama Document, na ikishindikana naiweka kwa kimo cha inchi 5, ukingo wake wa chini ukinyooka na wa picha kubwa ya jirani. Ikinyooka chini, udogo wake unaonekana ni wa makusudi.

Kabla ya kutuma faili napita steshenari. Kila shiti nalichapa kwenye karatasi ya A4 iliyolazwa, kwa rangi nyeusi tu, nakata nyeupe ya juu na ya chini, nakunja katikati, nafungua. Senti chache. Kwa udogo ule maelezo hayasomeki, lakini sitafuti maelezo. Natafuta nani yuko kwenye mkunjo, mianya ipi haifanani, na jicho langu linaanzia wapi. Karatasi hizo naziacha kwa familia usiku mmoja. Wanarudi na masahihisho ambayo kompyuta isingeyatoa, kama kwamba mtu fulani na fulani hawasalimiani na nimeziweka picha zao zinatazamana.

Mchapaji namwandikia mambo mawili tu. La kwanza, mkunjo uko inchi ya 18 na hakuna uso wowote ndani ya inchi moja kila upande wake, kwa hiyo asipanue picha "ili zijae", kama baadhi yao wanavyopenda kusaidia. La pili, mashiti yafuate namba za majina ya faili. Namba hizo naziandika kwa tarakimu mbili, 01.jpg, 02.jpg, hadi 15.jpg, kwa sababu zipo mashine zinazopanga kwa herufi: ukiandika 1, 2, 3, namba 10 itakaa mbele ya namba 2. Albamu ya jirani yangu mmoja ilirudi hivyo. Bibi harusi anakata keki, analishana na mumewe, anacheza na mashemeji, halafu ukifunua shiti linalofuata ndiyo kwanza anavishwa shela aende kanisani.